Namna ya kuandika dokezo kwa afisa kumbukumbu wa shule pale orodha mbili za wanafunzi zinapotofautiana

Kila mwaka, msimu wa kujaza fomu za takwimu unapofika, walimu wa darasa na walimu wa taaluma wapya huuliza jambo lilelile: orodha iliyotoka kwenye mfumo inasema idadi hii, daftari la darasani linasema idadi nyingine, je, nijaze ipi? Jibu ni kwamba hilo si la kuamuliwa na anayejaza fomu. Linaamuliwa na anayetunza kumbukumbu za uandikishaji, naye huulizwa kwa maandishi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa na kuandika dokezo hilo, kwa kufuata mfano wa darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania.

Ninaposema afisa kumbukumbu ninamaanisha yule anayeshika daftari la uandikishaji na majalada ya wanafunzi. Katika shule nyingi za msingi za serikali hana ofisi yake wala cheo hicho. Ni mwalimu aliyepewa jukumu la takwimu pamoja na vipindi vyake vya kawaida. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumwandikia dokezo analoweza kulijibu kwa muda mfupi, badala ya kumtupia orodha mbili na kumwachia kazi yote ya kuzilinganisha.

Mahitaji kabla ya kuanza

Uwe na orodha zote mbili zikiwa kamili, yaani zenye majina na si jumla tu. Kwa kawaida ya kwanza ni ile iliyochapishwa kutoka PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani unaompa kila mwanafunzi namba yake, na ya pili ni ile iliyotokana na daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa. Uwe pia na nakala ya fomu unayotakiwa kujaza, kwa sababu fomu ndiyo inayosema idadi inatakiwa kwa hali ya tarehe gani. Barua za uhamisho zilizopita mikononi mwako ziweke karibu. Kompyuta yenye Excel itakusaidia kama darasa ni kubwa, lakini kwa wanafunzi chini ya hamsini rula na kalamu mbili za rangi zinatosha kabisa.

Hatua za kufuata

1. Andika asili ya kila orodha. Juu ya kila karatasi andika imetoka wapi, nani aliitoa na ni ya tarehe gani. Katika mfano wetu, Orodha A ilichapishwa kutoka PReM tarehe 3 Februari 2025 na ina majina 118. Orodha B ilinakiliwa kutoka daftari la mahudhurio tarehe 20 Machi 2025 na ina mistari 122. Ukiziweka tarehe hizo mbili pamoja utaona jambo ambalo wengi hulikosa, kwamba kati ya orodha hizi kuna wiki sita na zaidi ambamo wanafunzi wameweza kuhamia na kuhama. Orodha mbili zenye tarehe tofauti zinaweza kutofautiana huku kila moja ikiwa sahihi kwa siku yake.

   Kama orodha haina tarehe, usiikisie. Andika "haina tarehe" na uliseme hivyohivyo katika dokezo.

2. Hakikisha orodha zinahusu wanafunzi walewale. Angalia kama zote zimejumuisha mikondo yote ya darasa, na kama wanafunzi wa kitengo cha mahitaji maalumu wamehesabiwa pande zote mbili au upande mmoja tu. Ukikuta kwamba orodha moja ni ya mkondo A na B na nyingine ni ya A, B na C, huna haja ya dokezo. Una haja ya orodha kamili.

3. Ondoa marudio kwenye nakala, si kwenye asili. Fanyia kazi nakala na uache orodha za asili kama zilivyo, kwa sababu afisa atataka kuona ulichokiona wewe. Mwanafunzi aliyehamishwa kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine katikati ya muhula mara nyingi huachwa katika daftari la mkondo wa zamani na kuandikwa tena katika la mkondo mpya. Ukiwa na Excel, weka majina ya Orodha A katika safu ya A na ya Orodha B katika safu ya B, yote yakianzia mstari wa pili, kisha andika fomula hii katika safu tupu na uiteremshe hadi mwisho:

   ```
   =COUNTIF($B$2:$B$123,B2)
   ```

   Panapotokea 2, jina limeandikwa mara mbili. Usilifute kabla ya kutazama namba ya uandikishaji au tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa watoto wawili wenye jina moja katika darasa moja si jambo la ajabu hata kidogo. Katika mfano wetu namba ya uandikishaji ilikuwa moja, kwa hiyo mstari mmoja uliondolewa na Orodha B ikabaki na majina 121.

4. Linganisha jina kwa jina. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayolipa dokezo uzito. Kwa kila jina la Orodha A tumia fomula ifuatayo, ambayo itakupa 0 pale jina linapokosekana katika Orodha B, kisha fanya hivyohivyo kwa upande wa pili:

   ```
   =COUNTIF($B$2:$B$122,A2)
   ```

   Fomula haijui kwamba Ally na Ali, au Zainab na Zainabu, anaweza kuwa mtoto mmoja. Haijui pia kwamba mfumo umeandika jina la baba na la babu ilhali mwalimu ameandika la baba peke yake, na nafasi tupu iliyosahaulika mwishoni mwa jina huifanya iseme majina ni tofauti. Kwa sababu hiyo, pitia kwa macho kila jina lililopata 0 na ulitafutie mwenzake upande wa pili kwa kutumia namba ya uandikishaji, tarehe ya kuzaliwa na jina la mzazi.

   Katika mfano wetu fomula ilitoa majina 5 yaliyoko A pekee na 8 yaliyoko B pekee. Kwa kupitia kwa macho ilionekana kwamba majina matatu ni ya watoto walewale walioandikwa kwa tahajia tofauti. Yalibaki majina 116 yanayokubaliana, 2 yaliyoko A pekee na 5 yaliyoko B pekee.

   Zitazame hesabu hizo vizuri. Tofauti ya jumla ni wanafunzi 3, lakini majina yenye utata ni 7. Aliyetazama jumla peke yake angetafuta watoto watatu na kuwaacha wanne. Zaidi ya hapo, kwa yale tuliyoyaona hadi hapa, idadi sahihi inaweza kuwa yoyote kuanzia 116 hadi 123, na haina lazima ya kuwa 118 wala 121. Ndiyo maana dokezo halipaswi kumlazimisha afisa achague orodha moja kati ya mbili. Linapaswa kumwachia nafasi ya kusema kwamba hakuna iliyo sahihi yote.

5. Eleza unachokijua kuhusu kila jina lenye utata. Kwa kila mmoja wa wale saba andika mstari mmoja wa jambo ulilolishuhudia au hati uliyoiona. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani. "Hajahudhuria tangu shule ilipofunguliwa mwezi Januari" ni jambo la daftari; "amehama" ni dhana mpaka barua ya uhamisho ipatikane. Mwalimu anayeandika "amehama" kwa sababu jirani wa familia alimwambia hivyo anaweza kusababisha mtoto aondolewe katika kumbukumbu wakati yuko nyumbani anaugua.

6. Andika dokezo. Dokezo sabili la ukurasa mmoja pamoja na kiambatisho linatosha. Lipitishe kwa Mwalimu Mkuu, kwa kuwa yeye ndiye atakayetia saini fomu ya takwimu. Ndani yake yawepo mambo manne tu: lengo la kuuliza, utambulisho wa orodha mbili, tofauti ilivyo kwa majina, na maswali mahususi yanayoweza kujibiwa kwa sentensi moja moja. Mfano ni huu:

> DOKEZO SABILI
>
> Kwa: Afisa Kumbukumbu
> Kupitia: Mwalimu Mkuu
> Kutoka: Mwalimu wa Taaluma
> Tarehe: 24 Machi 2025
>
> YAH: UTHIBITISHO WA IDADI YA WANAFUNZI WALIOANDIKISHWA DARASA LA NNE
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.
>
> 2. Ninajaza fomu ya takwimu za shule za mwaka huu, ambayo kwa darasa la nne inahitaji idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Nimekuta orodha mbili zisizokubaliana. Orodha A imechapishwa kutoka PReM tarehe 3 Februari 2025 na ina wanafunzi 118. Orodha B imetokana na daftari la mahudhurio hadi tarehe 20 Machi 2025 na ina wanafunzi 121 baada ya kuondoa jina moja lililoandikwa mara mbili.
>
> 3. Nimelinganisha majina na kuona kwamba wanafunzi 116 wamo katika orodha zote mbili, wakiwemo watatu ambao tahajia ya majina yao inatofautiana. Wanafunzi 2 wamo katika Orodha A pekee na wanafunzi 5 wamo katika Orodha B pekee. Taarifa za hao saba, na za wale watatu wa tahajia, zimo katika kiambatisho.
>
> 4. Ninaomba unithibitishie kwa maandishi mambo yafuatayo:
>
> (a) Ni orodha ipi inayopaswa kuwa msingi wa fomu hii, na idadi ihesabiwe kwa hali ya tarehe gani?
>
> (b) Kwa kila mmoja wa wanafunzi saba waliotajwa, je, kwa tarehe hiyo alikuwa ameandikishwa darasa la nne katika shule hii au hapana, na ni hati gani inayothibitisha hivyo?
>
> (c) Tahajia ipi ya majina matatu ndiyo iliyo katika daftari la uandikishaji?
>
> 5. Fomu inatakiwa kuwasilishwa Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, hivyo nitashukuru nikipata majibu kabla ya mchana wa tarehe 27 Machi. Sijabadilisha chochote katika orodha zote mbili.
>
> Naomba kuwasilisha.

   Kiambatisho kiwe jedwali lenye safu nne: namba ya uandikishaji, jina, orodha aliyomo, na maelezo, kisha uache safu ya tano tupu kwa ajili ya jibu la afisa. Safu hiyo tupu huokoa muda kuliko kitu kingine chochote, kwa maana mwenye shughuli nyingi ataandika "ndiyo, barua ya uhamisho ipo" papo hapo, ilhali akitakiwa kuandika barua nzima ataahirisha. Chini ya jedwali hilohilo, yaandike majina matatu ya tahajia, kila moja likiwa na maandishi yake yote mawili. Maelezo ya wale saba katika mfano wetu yalikuwa haya:

   Wa kwanza, aliye A pekee, ana barua ya kuhama katika jalada ya mwezi Februari, lakini katika chapisho la mfumo bado yumo. Wa pili, naye wa A pekee, hajaonekana darasani tangu Januari na hakuna barua yoyote. Wa tatu, wa nne na wa tano, walio B pekee, wamehamia mwezi Februari na Machi. Wawili wana barua za uhamisho na mmoja hana. Wa sita amekariri darasa la nne, lakini mfumo umemvusha hadi la tano. Wa saba anahudhuria kila siku, lakini namba iliyoandikwa mbele ya jina lake darasani ni ya mtoto mwingine.

   Huyo wa saba ndiye ninayemwonea wasiwasi zaidi. Mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima, akaitwa kila asubuhi na kuitikia, na bado asiwe ameandikishwa popote. Usajili wa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hutegemea taarifa zilizomo katika mfumo, na mtoto wa namna hii hugundulika wakati muda wa kusahihisha umekwisha. Katika dokezo mtaje kwa uwazi kwamba hana namba yake mwenyewe.

7. Wasilisha, weka nakala na ufuatilie. Peleka dokezo mkononi, andika tarehe ya kupokelewa katika nakala yako, na ufuatilie siku moja kabla ya muda ulioomba. Jibu likija, liweke pamoja na dokezo katika jalada la takwimu na si katika mkoba wako. Mwakani mtu mwingine atauliza swali hilihili kuhusu watoto hawahawa.

Makosa ya kuepuka

Kosa linaloharibu zaidi ni kuzioanisha orodha kabla ya kuuliza. Mwalimu huona tofauti, huongeza majina matatu kwenye nakala ya Orodha A ili jumla zilingane, kisha hupeleka orodha hiyo ya tatu kana kwamba ndiyo iliyotoka kwenye mfumo. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kujua ni nini kilichotoka wapi. Jumla zinazolingana pia si ushahidi wa usahihi: ikiwa wawili wamehama na wawili wamehamia, idadi itabaki ileile huku majina manne yakiwa si sahihi.

Jihadhari na maneno yanayomtuhumu mtu. Sentensi kama "daftari la mwalimu wa darasa limekosewa" hutoa hukumu kabla ya jibu, na humfanya aliyeandika daftari ajitetee badala ya kusaidia. Andika "orodha hazikubaliani katika majina saba". Hiyo inatosha na ni kweli.

Usiulize "ni wanafunzi wangapi walioandikishwa?" bila kutaja tarehe, na usichanganye walioandikishwa na wanaohudhuria. Mtoto mtoro bado ni mwanafunzi wa shule mpaka taratibu za kumwondoa zikamilike, kwa hiyo hahesabiwi kwa kutazama nani ameketi darasani leo. Tofauti hiyo ina uzito hata kifedha, kwani ruzuku ya uendeshaji inayotolewa chini ya elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, hukokotolewa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kuongeza waliohama ni kuomba fedha isiyo halali, na kuwaacha waliohamia ni kuwanyima haki yao.

Mwisho katika hayo, usitume kiambatisho katika kundi la WhatsApp la walimu ili "wenye kujua wajibu". Kina majina ya watoto, namba zao na sababu za kutohudhuria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia watoto wa darasa la nne. Kipeleke kwa anayehusika, kikiwa ndani ya bahasha.

Mambo yakikwama

*Afisa amejibu kwa mdomo, "tumia ile ya mfumo."* Mshukuru, kisha mwandikie sentensi mbili za kuthibitisha: "Kwa mujibu wa maelezo yako ya leo, nitatumia Orodha A yenye wanafunzi 118. Naomba uthibitishe kama wanafunzi watano walio katika Orodha B pekee hawahesabiwi." Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Mara nyingi itamfanya afungue jalada na kukuta kwamba wawili kati ya hao wana barua za uhamisho mkononi mwake.

*Afisa amesema orodha zote mbili ni sahihi.* Huenda ni kweli, kila moja kwa tarehe yake. Rudi kwenye swali (a) na uombe idadi ya tarehe inayotakiwa na fomu. Kama fomu haitaji tarehe, swali hilo lipelekwe na Mwalimu Mkuu kwa Afisa Elimu Kata au kwa afisa anayeshughulikia takwimu katika halmashauri, na si kwa afisa kumbukumbu.

*Barua ya uhamisho ipo lakini mfumo haujabadilika.* Uhamisho katika mfumo huhitaji hatua ya shule anayotoka mtoto na ya shule anayokwenda. Upande mmoja ukiwa haujafanya sehemu yake, jina hubaki lilipokuwa. Omba afisa aandike katika safu ya tano ni shule ipi inayosubiriwa, ili Mwalimu Mkuu awasiliane na mwenzake. Usiingie kwenye mfumo kumwandikisha mtoto upya kama mwanafunzi mpya. Atakuwa na namba mbili, na kuziunganisha ni kazi ngumu kuliko kusubiri.

*Daftari la uandikishaji lenyewe limepotea au limechakaa.* Hapo afisa hana cha kukuthibitishia kwa uhakika, na ni bora akiandika hivyo. Kumbukumbu zinazoweza kusaidia ni vyeti vya kuzaliwa vilivyo katika majalada, daftari la mahudhurio la darasa la kwanza la kundi hilo, na wazazi wenyewe wakiitwa.

*Siku ya kuwasilisha fomu imefika na jibu halijaja.* Usichague idadi unayoipenda. Mweleze Mwalimu Mkuu kwa maandishi kwamba majina saba bado hayajathibitishwa, mwonyeshe dokezo lenye tarehe ya kupokelewa, na umwachie uamuzi wa kuomba muda au kuwasilisha idadi ya muda. Akiamua kuwasilisha, idadi hiyo iambatane na maelezo kwamba itarekebishwa, na ataje ni orodha ipi imetumika na ni ya tarehe gani. Jibu likifika baadaye na idadi ikawa tofauti, andika marekebisho siku hiyohiyo, ukitaja namba za uandikishaji za waliobadilisha hesabu badala ya kutuma jumla mpya peke yake.